Seli iliyogoma na majirani zake wanaojibu

Swali: "Habari mtaalamu. Nina orodha ya mizigo na nahesabu siku ambazo kila mzigo umekaa stoo. Fomula nimeandika mara moja nikaiburuta hadi chini. Mistari mingine inatoa jibu, mingine inaleta hii niliyokutumia kwenye picha. Fomula ni ile ile! Kosa liko wapi?"

Ndugu yangu, picha uliyonitumia ina seli moja tu. Naona `#VALUE!` katikati na pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya juu kushoto, basi. Herufi ya safu sioni, namba ya mstari sioni, wala ule upau wa juu unaoonyesha fomula. Ni kama fundi aliyeletewa nati moja mkononi akaulizwa gari lina ugonjwa gani. Hata hivyo nati nayo ina la kusema, kwa hiyo tuanze nayo.

Pembetatu ya kijani upande wa kushoto inaniambia unatumia Excel. Ungekuwa kwenye Google Sheets ningeona pembetatu nyekundu kona ya kulia, na ungepeleka kishale juu yake ungesomewa sentensi nzima inayotaja thamani iliyokwamisha hesabu. Excel ni bahili wa maneno, hukupa jina la kosa na kukuacha utafute mwenyewe.

Jina lenyewe limenipunguzia kazi. `#NAME?` ingemaanisha Excel haitambui neno fulani ndani ya fomula, na `#REF!` ingemaanisha fomula inaelekeza kwenye seli ambayo haipo tena. `#VALUE!` kwenye hesabu ya kutoa ina maana nyembamba zaidi: moja kati ya zile seli mbili imebeba maandishi, na Excel imejaribu kuyageuza kuwa namba ikashindwa. Sikisii kwamba fomula ni ya kutoa, umesema mwenyewe unahesabu siku. Kwa hiyo nachukulia iko hivi, safu B ikiwa tarehe ya kuingia na safu C tarehe ya kutoka:

```
=C2-B2
```

Maneno yako yamenisaidia kuliko picha. Umesema mistari mingine inajibu na mingine inagoma, na fomula ni moja. Basi fomula haina kosa, kilichotofautiana ni data. Na kwa kuwa data ni tarehe, nina mshukiwa mmoja ninayemweka mbele ya wengine wote: tarehe zako ziliandikwa kwa kuanza na siku, lakini kompyuta iliyozifungua inasoma kwa kuanza na mwezi. Ikiwa ndivyo, hiyo seli uliyonipigia picha si tatizo lako kubwa. Ninaowahofia ni majirani zake waliotoa majibu.

Excel haihifadhi tarehe kama unavyoiona. Huhifadhi hesabu ya siku, ambapo tarehe 1 Januari 1900 ni siku ya 1, na tarehe 1 Januari 2024 ni 45292. Ndiyo maana unaweza kutoa tarehe moja kwenye nyingine ukapata siku. Sasa unapofungua faili la CSV au kubandika maandishi kama 09/02/2024, Excel inalazimika kuamua 09 ni siku au ni mwezi. Haikuulizi. Inafuata mpangilio wa eneo uliowekwa kwenye Windows. Kama mpangilio huo unaanza na mwezi, 09/02/2024 inageuzwa kuwa tarehe 2 Septemba, ingawa aliyeandika alimaanisha tarehe 9 Februari. Ikifika 15/02/2024 inatafuta mwezi wa 15, haiupati, inaiacha kama maandishi. Haitoi onyo lolote katika hali zote mbili.

Tuchukue mistari mitatu. Hivi ndivyo ilivyo ndani ya faili la asili, siku ikitangulia:

```
mstari   kuingia (B)   kutoka (C)    siku za kweli
2        05/02/2024    05/03/2024    29
3        07/02/2024    10/02/2024    3
4        09/02/2024    15/02/2024    6
```

Na hivi ndivyo inavyokuwa ikifunguliwa na kompyuta inayotanguliza mwezi:

```
mstari   kuingia (B)   kutoka (C)    =C-B
2        5/2/2024      5/3/2024      1
3        7/2/2024      10/2/2024     92
4        9/2/2024      15/02/2024    #VALUE!
```

Mstari wa 4 umegoma, na ndio uliokufanya uniandikie. Uangalie mstari wa 2. Mzigo uliokaa siku 29 umeandikiwa siku 1, kwa sababu Excel imesoma tarehe 2 Mei hadi tarehe 3 Mei. Siku 1 ni jibu ambalo hakuna mtu angelitilia shaka. Mstari wa 3 umesoma Julai hadi Oktoba, ukatoa 92 badala ya 3. Kati ya majibu matatu hakuna lililo sahihi, na lililosema ukweli kuhusu hali yake ni hilo la `#VALUE!` peke yake.

Usinikubalie kwa neno langu tu, ulikague jedwali lako. Kuna dalili za macho kwanza. Kama hujagusa vitufe vya kupanga maandishi, Excel huegemeza tarehe halisi kulia mwa seli na maandishi kushoto. Ukiona safu ya tarehe ambayo baadhi zimeegemea kulia na nyingine kushoto, umeshapata wagonjwa. Dalili ya pili ni sifuri. Kwenye mistari ya juu, tarehe zilizogeuzwa zimepoteza sifuri ya mbele zikawa 5/2/2024, ilhali 15/02/2024 imebaki kama ilivyoandikwa, kwa kuwa Excel haikuigusa.

Macho yakidanganya, muulize Excel mwenyewe. Simama kwenye seli tupu ya mstari uliogoma, uandike hii kwa kila tarehe:

```
=ISNUMBER(C4)
```

Ikijibu `FALSE` basi seli hiyo ni maandishi, hata kama kwa macho inafanana kabisa na tarehe. Njia nyingine ninayoipenda zaidi ni kuingia ndani ya fomula yenyewe. Bofya seli yenye kosa, nenda kwenye upau wa fomula, teua `C4` peke yake kwa kipanya, kisha bonyeza F9 (kwenye kompyuta mpakato nyingi ni Fn na F9 pamoja). Ukiona namba tupu kama 45537 ujue ni tarehe halisi. Ukiona `"15/02/2024"` ndani ya alama za kunukuu, hayo ni maandishi. Ukimaliza bonyeza Esc, si Enter. Ukibonyeza Enter, ulichokiona kinachukua nafasi ya `C4` ndani ya fomula na umejiongezea kosa la pili.

Hayo yanakuthibitishia waliogoma. Kuwanasa waliojibu kwa uongo kunahitaji hatua moja zaidi. Teua safu ya B nzima, badili mwonekano wake uwe `Long Date` ili mwezi usomeke kwa jina. Kwenye mfano wangu utaona tarehe 2 Mei, tarehe 2 Julai, tarehe 2 Septemba. Mizigo yote imeingia tarehe 2, kila mmoja na mwezi wake! Hiyo 2 si siku, ni Februari iliyohamishwa kiti. Ukiona tarehe zako za mwezi mmoja zimetawanyika mwaka mzima huku zikishikilia siku ile ile, huhitaji ushahidi mwingine. Na ukiangalia mistari iliyogoma utakuta kila mmoja una walau tarehe moja ambayo siku yake ni 13 au zaidi.

Kabla sijakupa tiba, nikuonye juu ya mbili ambazo utapewa na watu wenye nia njema.

Ya kwanza ni kufunga kosa ndani ya `IFERROR` ili seli ionyeshe sifuri au ibaki tupu. Kwa mfano wetu, jumla ya siku ingekuwa 93, na jedwali lingependeza macho. Jumla ya kweli ni 38. Kabla ya `IFERROR`, jumla ya safu hiyo ingekuwa nayo ni `#VALUE!`, na hiyo ilikuwa kinga yako. Niliwahi kuletewa ripoti ambayo mtu alikuwa ameshazima makosa yote namna hiyo. Tulistuka tu pale mmoja wetu alipoona mzigo uliotoka mwezi ambao ulikuwa bado haujafika.

Ya pili ni kubadili mpangilio wa eneo kwenye Windows ili siku itangulie, kisha kufungua tena jedwali lile lile. Inaonekana ni akili, na kwa mafaili mapya ndivyo inavyotakiwa. Lakini tarehe zilizokwishageuzwa sasa ni namba, hazirudi nyuma. Kibaya zaidi, Excel sasa itaweza kuyasoma maandishi 15/02/2024 kama tarehe 15 Februari, itatoa tarehe 2 Septemba iliyopo safu B, na mstari wa 4 utaacha kuonyesha kosa. Utaonyesha -200. Angalau hiyo ina alama ya kutoa mbele. Kuna mistari mingine ambayo kosa litaondoka na kuacha namba ya kawaida kabisa.

Tiba iliyo safi ni kurudi kwenye chanzo. Kama bado una faili la CSV la asili, usilifungue kwa kubofya mara mbili. Lifungue kwa kihariri cha maandishi kama `Notepad`, uhakikishe tarehe bado ziko na siku mbele. Kisha kwenye jedwali jipya teua safu utakazobandikia na uzipe mwonekano wa `Text` kabla ya kubandika chochote. Hapo Excel haitagusa kitu. Baada ya kubandika, kila mstari utakuwa umelundikana kwenye safu moja, kwa hiyo iteue, nenda `Data`, kisha `Text to Columns`, chagua `Delimited`, weka alama inayotenganisha vipengele vya faili lako kama vile `Comma`, na kwenye hatua ya tatu bofya safu ya tarehe, chagua `Date` na kando yake `DMY`. Herufi hizo tatu ndizo zinazomwambia Excel kwamba siku inatangulia, halafu mwezi, halafu mwaka. Kwenye hatua hiyo hiyo fanya vivyo hivyo kwa safu ya pili ya tarehe, kisha umalize. Mwisho, seli za fomula zipe mwonekano wa `General`, kwa sababu fomula iliyoandikwa ndani ya seli ya `Text` hubaki kuwa maandishi bila kuhesabu.

Angalizo hapa: kama faili hilo la CSV uliwahi kulifungua kwa Excel na kulihifadhi tena, limeshaharibika. Excel huandika CSV kama inavyoonyesha kwenye skrini, kwa hiyo utakuta mchanganyiko wa 9/2/2024 na 15/02/2024 ndani ya faili lenyewe. Mwombe aliyekupa akutumie upya.

Kama chanzo hakipo tena na una jedwali hili tu, bado kuna njia, kwa sababu uharibifu wenyewe una utaratibu. Zilizogeuzwa zimebadilishana siku na mwezi, nazo tunazibadilisha tena. Zilizobaki maandishi tunazikata vipande kwa mpangilio tunaoujua. Andika hii kwenye F2, iburute kwenda G2, kisha zote mbili hadi chini:

```
=IF(ISNUMBER(B2),
 DATE(YEAR(B2),DAY(B2),MONTH(B2)),
 DATE(RIGHT(B2,4),MID(B2,4,2),LEFT(B2,2)))
```

Kompyuta ambazo sehemu za desimali huandikwa kwa mkato hutaka nukta mkato mahali pa mikato hiyo kati ya vipengele, kwa hiyo ukikataliwa fomula anza kushuku hapo. Ukishaona F na G zimejaa, hesabu siku kwa `=G2-F2`. Jibu likijitokeza kama tarehe ya ajabu ya mwaka 1900, hilo ni la mwonekano tu, liwekee `General`. Kwa mistari yetu mitatu utapata 29, 3 na 6.

Fomula hiyo ina mipaka, na ni bora uijue kabla hujaitegemea. Inadhani kila maandishi yana tarakimu mbili za siku, mbili za mwezi na nne za mwaka. Ikikutana na 15/2/2024 itachukua `2/` kama mwezi na kurudisha `#VALUE!`. Hilo halinisumbui, maana inapiga kelele na utaona. Ninalolihofia ni dhana yake nyingine, kwamba tarehe zote zilitoka mahali pamoja na zote ziliandikwa siku ikitangulia. Kama jedwali lilijazwa na watu wawili, mmoja akitanguliza siku na mwingine mwezi, fomula itawatibu wa kwanza na kuwajeruhi wa pili, na hakuna fomula duniani inayoweza kuangalia 5/2/2024 ikajua nani aliiandika. Hapo inabidi kurudi kwenye karatasi za kupokelea mizigo. Jaribio jepesi ni kuchagua mistari mitano iliyokuwa ikijibu tangu mwanzo, si ile iliyogoma, na kuilinganisha na karatasi hizo baada ya kutibu.

Na iwapo nimekosea mshukiwa? Inawezekana, maana sijaona hata tarehe moja. Ukikuta mistari iliyogoma haina uhusiano wowote na siku ya 13 kwenda juu, angalia vitu viwili. Cha kwanza ni mizigo ambayo haijatoka. Seli tupu kweli haileti `#VALUE!`, huhesabiwa kuwa sifuri na kukupa namba hasi kubwa. Lakini seli ambayo mtu "ameifuta" kwa kubonyeza kitufe cha nafasi ina maandishi ndani yake, herufi moja isiyoonekana, nayo hugomesha hesabu. Ndivyo ilivyo pia kwa seli inayojazwa na `IF` yenye `""` mwishoni: kwa macho ni tupu, kwa hesabu ni maandishi.

Cha pili ni nafasi isiyokatika, ambayo hufuata data iliyonakiliwa kutoka kurasa za wavuti. Tarehe 09/02/2024 ina herufi 10, kwa hiyo seli iliyobaki maandishi ikikupa 11 hapa kuna kitu kimejificha mkiani:

```
=LEN(C4)
=UNICODE(RIGHT(C4,1))
```

Fomula ya pili ikijibu 160, umeikamata. `TRIM` haitakusaidia, huondoa nafasi ya kawaida ambayo namba yake ni 32 na kuipita hii kama haipo. Iondoe kwa jina lake:

```
=SUBSTITUTE(C4,UNICHAR(160),"")
```

Ila zingatia mfuatano. Ukiondoa nafasi hizo na kuzigeuza kuwa tarehe kwenye kompyuta inayotanguliza mwezi, umejirudisha kwenye mtego uleule wa Februari na Septemba. Safisha kwanza, acha matokeo yabaki maandishi, kisha uyakate vipande kwa `DATE` kama nilivyoonyesha.

Ukikwama baada ya hayo, niandikie tena, ila safari hii acha kukata picha. Nataka kuona herufi za safu, namba za mistari na upau wa fomula ukiwa umesimama kwenye seli iliyogoma, pamoja na mistari miwili iliyogoma na miwili iliyojibu. Fomula yenyewe ibandike kama maandishi ili niweze kuijaribu kwangu. Na niandikie tarehe moja kama ilivyo kwenye karatasi ya kupokelea mzigo, mwezi ukiwa umeandikwa kwa jina lake.